Asubuhi Moja ya Usaili

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili jioni na karatasi mbili za fulskepu, zimeandikwa pande zote. Yeye ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya cha binafsi jijini Dar es Salaam. Chuo alikoomba kusoma shahada ya uzamili kilikuwa kimemwita kwenye usaili, Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa 3:00 asubuhi, na rosta ilimweka zamu ya asubuhi siku hiyo hiyo.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Nimeandika barua ya kuomba ruhusa. Naomba uniangalizie kabla sijampelekea inchaji."

Niliisoma yote. Ukurasa wa kwanza alieleza tangu lini ameipenda fani yake na kwa nini anataka kusonga mbele. Ukurasa wa pili aligusia mshahara, kwamba wenzake wenye shahada ya uzamili wanalipwa vizuri zaidi. Mwisho aliahidi kwamba hata akichaguliwa hataacha kazi. Nilitafuta saa atakayoondoka na saa atakayorudi, sikuziona. Nilitafuta nani atachukua damu za wagonjwa asubuhi hiyo, sikumwona.

Miaka kadhaa nilikuwa mimi ndiye ninayepanga rosta ya maabara, kwa hiyo najua barua ya namna hii inavyosomwa upande wa pili wa meza. Inchaji hana muda wa kupima ndoto za mtu. Kichwani mwake kuna swali moja: Alhamisi saa 1:00 asubuhi, nani yupo? Katika maabara swali hilo ni zito kuliko mtu wa nje anavyodhani, kwa sababu asubuhi ndiyo kazi yenyewe. Mgonjwa wa kupima sukari ya kufunga anatakiwa awe amekaa saa 8 au zaidi bila kula, naye huja alfajiri kabla hajanywa chai. Kabla sampuli yake haijaingizwa kwenye mashine, kuna sampuli za udhibiti wa ubora za kupima kwanza, zile ambazo majibu yake yanajulikana tayari, ili kuhakikisha mashine inasoma sawasawa. Mtu akikosekana asubuhi bila mbadala anayeijua mashine, foleni inasimama na kina mama wenye njaa wanakaa kwenye benchi wakisubiri.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba barua yake imejaa habari zake, habari za kazi hazimo. Tukaanza upya.

Kabla ya kuandika, ni vizuri mtu ajue anaomba nini hasa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Inataja pia likizo ya ugonjwa, ya uzazi, na siku chache za kufiwa na ndugu wa karibu au kuuguza mtoto. Likizo ya kwenda kwenye usaili haimo. Kwa hiyo anayeomba asubuhi moja anaomba maelewano, nayo hupatikana kwa njia mbili tatu: kukatwa nusu siku kwenye likizo yake ya mwaka, kufidia saa hizo siku nyingine, au kubadilishana zamu na mwenzake. Anayefika kwa bosi akiwa tayari na mojawapo amemtua mwenzake nusu ya mzigo.

Kwa kuwa usaili haumo kwenye orodha, wengi hukimbilia vilivyomo. Wapo wanaosema wanaumwa. Lakini likizo ya ugonjwa yenye malipo huendana na cheti cha daktari, na anayefanya kazi kwenye kituo cha afya akipiga simu kusema ana homa, wenzake watamwambia aje apimwe. Wapo wanaosema wamefiwa, na hili ndilo linaloniumiza.

Sehemu moja niliyofanya kazi, kijana mmoja alikuwa na usaili wa chuo. Akaogopa kusema, akatuma ujumbe kwamba bibi yake amefariki. Sisi tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Karatasi ya mchango ilizunguka, kila mtu akaandika jina na alichotoa, fedha zikawekwa kwenye bahasha ya kaki. Jioni dada mmoja wa mapokezi akampigia simu mama wa yule kijana ili ampe pole na aulize msiba uko wapi. Mama alikuwa Dar es Salaam, bibi yuko kijijini, mzima. Yule mama alilia kwenye simu akijua mama yake amekufa na watoto wamemficha. Ilichukua karibu saa nzima kumpata mtu wa kijijini amhakikishie. Kijana alirudi kazini kesho yake, na bahasha ilikuwa bado mezani kwangu, haijafunguliwa. Alikuwa anahitaji saa sita tu. Kanuni za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya sheria ile zinautaja udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Sisi hatukumfukuza, ila tangu siku ile kila alipoomba ruhusa ilibidi atafute shahidi.

Njia ya tatu ni kuandika "shughuli binafsi" na kuishia hapo. Si uongo, na pengine inatosha kwa anayekwenda benki. Kwa usaili mimi siipendi, kwa sababu inamwachia bosi kazi ya kubuni, na jambo la kwanza atakalobuni ni kwamba unatafuta kazi kwingine. Hata neno "usaili" peke yake linaleta dhana hiyo hiyo. Maneno mawili yanaondoa utata wote: usaili wa *masomo*. Hapo ndipo ukweli unaposaidia, na hapo ndipo unapotosha. Chuo gani, fani ipi, nani atalipa ada, umeomba mara ngapi, hayo si ya barua ya asubuhi moja. Akiyauliza, yatajibiwa kwa mdomo.

Ahadi ya kutoacha kazi niliifuta kwa kalamu nyekundu. Mpwa wangu alisita, akaona inampa bosi moyo. Nikamuuliza: ratiba ya masomo ni ya mchana au ya jioni? Hajui. Atapata mkopo au ufadhili? Hajui. Basi anaahidi kwa kitu gani? Usaili haujawa nafasi, na nafasi haijawa kuacha kazi. Siku ikifika ya kuondoka kweli, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kisheria kutoa notisi isiyopungua siku 28, na mazungumzo hayo yana wakati wake. Mtumishi wa umma naye ajue kwamba ruhusa ya kwenda kusoma ni ombi jingine kabisa, lenye barua yake, na asilichanganye na hili la asubuhi moja.

Mshahara nao tukaufuta. Hilo halikuhitaji mjadala.

Jumatatu asubuhi, kabla ya barua, alikwenda kwanza kumtafuta mwenzake wa zamu ya mchana, anayeijua ile mashine vizuri. Wakakubaliana kubadilishana: mwenzake aingie saa 1:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana, yeye aingie saa 8:00 hadi usiku. Ndipo akaenda kumwona inchaji, saa 5:00 hivi, foleni ya asubuhi ikiwa imepungua. Mambo haya kwetu huanza kwa mdomo, na karatasi hufuata. Kumtupia mtu barua mezani bila kumsalimu na kumweleza ni kumkosea.

Alivyonisimulia, mazungumzo yalikwenda hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Vipi?"

"Salama, mama. Nina ombi. Alhamisi nimeitwa kwenye usaili wa masomo, saa tatu asubuhi. Nimeshaongea na mwenzangu wa mchana, amekubali tubadilishane zamu."

"Usaili wa masomo? Unatuacha?"

"Bado hata sijachaguliwa, mama. Nikipata, wewe ndiye wa kwanza nitakayekuja kukueleza."

"Haya. Niandikie, nibadilishe rosta."

Lile swali la "unatuacha?" karibu kila mtu huulizwa, na watu wengi huharibikiwa hapo. Wengine hukana kwa viapo, wengine huanza kumwaga yote yaliyo moyoni tangu siku walipoajiriwa. Jibu lake lilikuwa la kweli na lilikwisha ndani ya pumzi moja. Ukiona umeanza sentensi ya tatu, ujue sasa unajitetea, na hakuna aliyekushtaki.

Barua yenyewe iliingia kwenye nusu ukurasa. Juu kulikuwa na anwani na tarehe kama kawaida, kisha:

YAH: KUOMBA RUHUSA ASUBUHI YA ALHAMISI, 14 AGOSTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba ruhusa ya kutokuwepo kwenye zamu ya asubuhi siku ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti, ili nihudhurie usaili wa nafasi ya masomo ya uzamili. Mwenzangu wa zamu ya mchana amekubali kuingia saa 1:00 asubuhi badala yangu, nami nitaingia saa 8:00 mchana badala yake. Naomba kuwasilisha.

Chini jina na sahihi yake, na pembeni mwenzake naye akatia sahihi. Sahihi ile ya pili naithamini sana. Inamwonyesha inchaji kwamba makubaliano yapo kweli, na inamlinda kila mmoja wao kama kutatokea ubishi nani alitakiwa kuwepo. Barua ya mwaliko hakuiambatisha. Alikuwa nayo kwenye simu, tayari kuionyesha kama angeulizwa.

Kilichotusumbua zaidi ni saa ya kurudi. Mwanzoni alitaka kuandika kwamba atakuwa amerudi saa 5:00, kwa kuwa usaili ni saa 3:00. Nikamkataza. Mwaliko unaposema saa tatu, mara nyingi ni saa ya waombaji wote kufika, kisha wanaitwa mmoja mmoja. Ongeza foleni ya barabarani. Anayeahidi saa 5:00 atakaa kwenye kile kiti mbele ya jopo akiitazama saa, na atarudi kazini akiwa amevunja neno lake. Saa 8:00 ilikuwa na nafasi ya kupumua.

Na ikawa hivyo. Alifika chuoni saa 2:30, akaitwa ndani saa 5:40, akatoka baada ya dakika ishirini. Saa 7:50 alikuwa anapita mlango wa maabara. Inchaji alikuwa dirishani anapokea sampuli.

"Wamekuulizaje?"

"Vizuri, mama. Majibu baada ya wiki tatu."

"Mungu akujalie. Vaa koti, mwenzako ameshika tangu asubuhi hajala."