Saa Inayoonyesha Mashine Yake: Unachopata na Unachopoteza

Muuza saa akitaka kumvuta mteja anayesitasita, huigeuza saa. Nyuma kuna kioo, na ndani ya kioo mashine inafanya kazi: magurudumu ya rangi ya shaba, vito vyekundu, na gurudumu dogo linalocheza kwenda na kurudi bila kupumzika. Saa nyingine haina haja ya kugeuzwa. Uso wake umetobolewa, na mashine inaonekana mbele kabisa, chini ya mishale. Hii ya pili ndiyo huitwa saa ya skeletoni. Wanunuzi wengi huzihesabu mbili hizi kuwa urembo wa aina moja, ilhali ya kwanza humgharimu mwenyewe kidogo sana, na ya pili humpunguzia kile hasa alichonunulia saa.

Uso wa saa ya kawaida ni kisahani chembamba cha rangi moja. Kazi yake ni kutulia ili mishale ionekane. Mshale mweupe juu ya kisahani cheusi husomeka kwa kutupa jicho mara moja. Kwenye saa ya skeletoni kisahani hicho hakipo, au umebaki ukanda mwembamba pembezoni. Mshale wa rangi ya chuma unapita juu ya magurudumu ya rangi ya chuma, na baadhi ya magurudumu hayo yanatembea. Jicho linalazimika kuutafuta mshale. Jioni hali inazidi kuwa ngumu, kwa sababu rangi inayong'aa gizani huhitaji mahali pa kupakwa, na mahali penyewe pamekatwa.

Watengenezaji makini wanalijua tatizo hili na wana dawa zake. Huipaka mashine rangi nyeusi au ya kijivu ili isishindane na mishale. Huipasha moto mishale ya chuma hadi igeuke buluu, rangi ambayo hutofautiana vizuri na shaba na fedha. Huacha ukanda mpana pembezoni wenye alama za saa zilizokolea. Wengine hutoboa tundu moja tu kwenye uso, mahali linapocheza lile gurudumu dogo, na sehemu iliyobaki wakaiacha kamili. Saa ya tundu moja husomeka karibu sawa na saa ya kawaida.

Kabla ya kulipa, ivae saa, nyoosha mkono, fumba macho, kisha fumbua na useme ni saa ngapi papo hapo. Rudia kwenye kivuli. Ukihitaji kuusogeza mkono karibu na uso mara zote mbili, utahitaji kufanya hivyo kila siku ya maisha ya saa hiyo.

Mgongo wa kioo hauna shida hii, kwa kuwa hauko kwenye njia ya macho. Wasiwasi wake ni vumbi na maji. Wengi huamini kwamba kioo chenyewe ndicho udhaifu, lakini kioo hakipitishi vumbi. Vumbi na maji hupita kwenye maungio. Kifuniko cha chuma kitupu kina ungio moja, pale kinapokutana na mwili wa saa. Kifuniko chenye kioo kina la pili, pale kioo kinapokaa ndani ya pete yake ya chuma. Kwenye saa nzuri kila ungio lina mpira uliobanwa sawasawa. Kwenye saa duni kioo hushikwa na gundi, kifuniko hubandikwa kwa kukandamizwa tu, na mpira ni mwembamba au haupo. Jasho na joto vikiichosha gundi hiyo, njia inafunguka.

Saa mbili za Seiko zinalionyesha jambo hili vizuri. Seiko 5 aina ya SNK809 ina mgongo wa kioo, na imeandikiwa kuhimili maji kwa mita 30. SKX007, saa ya wapiga mbizi, ina mgongo wa chuma kitupu, na imeandikiwa mita 200. Mashine ndani ni moja, 7S26. Mtu anaweza kusema kioo cha nyuma ndicho kilichopoteza zile mita 170. Lakini tazama kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa: kwenye SKX007 hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu, kwenye SNK809 husukumwa ndani tu. Mwili wote wa SKX007 umejengwa kwa ajili ya kina. Tena, Omega Seamaster Diver 300M iliyotoka mwaka 2018 ina mgongo wa kioo cha yakuti, na inahimili mita 300. Kinachoamua ni ufundi wa kufunga.

Kwa skeletoni, vumbi lina hesabu tofauti kidogo. Kisahani cha kawaida huikinga mashine na chembe zinazodondoka kutoka juu, mathalani rangi ya mishale iliyozeeka ikaanza kumeguka. Kisipokuwepo, chembe hiyo huangukia kwenye meno ya magurudumu, na chembe moja inatosha kuisimamisha saa. Pia hakuna cha kuficha: unyuzi mmoja wa kitambaa uliosahauliwa na fundi utauona kila unapotazama saa.

Dalili ya mapema ya saa iliyovuja ni ukungu. Mafundi huipasha saa joto hadi nyuzi 40 hivi, kisha hudondoshea tone la maji ya baridi juu ya kioo na kulifuta baada ya dakika moja. Ukungu ukionekana upande wa ndani, unyevu umeshaingia, na saa inapaswa kufunguliwa haraka kabla ya kutu.

Sasa bei. Omega Speedmaster Moonwatch ya mwaka 2021 hutengenezwa kwa sura mbili zenye mashine ileile, 3861. Moja ina kioo cha plastiki ngumu mbele na chuma nyuma. Nyingine ina yakuti mbele na nyuma. Zilipotoka, zikiwa na mkanda wa chuma, ya kwanza iliuzwa takriban dola 6,300 na ya pili takriban dola 7,150 huko Marekani. Tofauti hiyo inalipia vioo viwili vya yakuti, si cha nyuma peke yake. Kwa hiyo mgongo wa kioo ni nyongeza ndogo kwenye bei ya saa nzima.

Skeletoni ya kweli ni gharama ya jina lingine. Fundi hutoboa tundu kwenye bamba la mashine, hupitisha msumeno mwembamba wa sonara, na kukata chuma kidogo kidogo bila kugusa sehemu zinazoshikilia vito na mihimili ya magurudumu. Akikata kupita kiasi, bamba hulegea na magurudumu huacha kukaa sawa. Kisha kila ukingo hupigwa tupa kwa mshazari na kung'arishwa. Skeletoni ya bei rahisi hukatwa na mashine ya kiwanda kwa mkupuo.

Lenzi ya fundi hutofautisha mbili hizi. Chunguza kona za ndani za matundu. Kikatio cha mashine kinachozunguka huacha kona ya mviringo. Kona ya ndani iliyo kali, yenye kingo mbili zinazong'aa na kukutana kwenye ncha, imemalizwa kwa mkono. Usipoiona, usilipe bei ya kazi ya mkono.

Kwa saa moja ya kuvaa kila siku, chagua uso kamili na mgongo wa kioo unaokazwa kwa skrubu. Skeletoni iwe saa ya pili, ya kuvaliwa pasipo vumbi wala haraka ya kujua saa.