Visikizi Vinapoikataa Simu

Mpwa wangu alifika nyumbani Jumamosi moja asubuhi, akaniamkia, kisha akaweka kikasha cheupe mezani mbele yangu. "Mjomba, hivi vimekufa. Dukani wameniambia ninunue vingine." Ndani ya kikasha kulikuwa na visikizi visivyo na waya, vile vidogo vya kuchomeka masikioni. Vilikuwa na umri wa miezi minne tu.

Mimi ni fundi wa simu, na neno "vimekufa" nalisikia kila siku. Nikamwomba anieleze vinafanya nini hasa. Akasema kwamba tangu Alhamisi simu yake inaviona na kuonyesha jina lake, lakini akibonyeza jina hilo haviungani. Akaongeza kwamba hata vilipokuwa vikifanya kazi, akikaa kwenye meza yake ya kusomea sauti ilikuwa ikikatakata.

Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. Kukataa kuungana mara nyingi ni tatizo la kumbukumbu: vifaa viwili vilikubaliana jambo, kisha kimoja kimelisahau. Kukatakata ni tatizo la hewani: mawimbi yanatumwa lakini hayafiki. Anayetibu moja akidhani ni jingine atahangaika mchana kutwa bila kupona.

Siri ya vifaa viwili

Unapounganisha visikizi na simu kwa mara ya kwanza, vifaa hivyo hutengeneza ufunguo wa siri, na kila upande huhifadhi nakala yake. Ndiyo maana siku zinazofuata hufanyi chochote: ukifungua kikasha, vinatafutana, vinahakiki ufunguo na kuungana. Lakini upande mmoja ukifutwa, nakala iliyobaki upande wa pili haina kazi tena. Simu itaendelea kuonyesha jina kwa kuwa inalikumbuka, nayo itajaribu kutumia ufunguo ambao visikizi havina. Mwishowe inaandika kwamba imeshindwa kuunganisha.

Nikamuuliza mpwa wangu kilichotokea Jumatano. Akakumbuka kwamba mdogo wake aliazima visikizi usiku huo atazame mpira. Kijana alipoona haviungani na simu yake, alikibonyeza kitufe cha kikasha kwa muda mrefu mpaka vikakubali. Hapo ndipo alipofuta kumbukumbu yote, ikiwemo ya simu ya kaka yake, bila kujua.

Kulikuwa na la pili. Visikizi vikitolewa kwenye kikasha, kwanza hutafuta kifaa vilichotumika nacho mwisho. Simu ya mdogo wake ilikuwa chumba cha pili, Bluetooth imewashwa, ndani ya mita 10 ambazo vifaa hivi huzifikia kwa kawaida. Kila vilipotolewa vilikimbilia huko, na vikishashikwa na simu moja, vingi havipokei wito wa nyingine. Dalili yake ni rahisi kuitambua: sikioni unasikia mlio wa kuungana, au taa inaacha kumeta, ilhali simu yako haijaungana na chochote. Ukiona hivyo, mtafute mwenye simu nyingine. Anaweza kuwa mtoto sebuleni, au ni kompyuta yako mwenyewe iliyo ndani ya mkoba.

Kufuta pande zote mbili

Kosa la wengi ni kufuta upande wa simu peke yake. Nilimwelekeza mpwa wangu hatua kwa hatua.

Kwanza tulimpigia mdogo wake aingie kwenye mipangilio ya Bluetooth, aguse alama iliyo kando ya jina la visikizi na kuchagua Forget. Simu nyingine huandika Unpair, na iliyowekwa Kiswahili huandika Sahau. Kisha akazima Bluetooth kabisa. Pili, mpwa wangu akafanya vivyo hivyo kwenye simu yake na kwenye kompyuta yake ya mapajani. Tatu, tukafuta kumbukumbu ya visikizi vyenyewe. Vyake vilitaka vyote viwili viwe ndani ya kikasha, mfuniko wazi, kitufe kikandamizwe kwa sekunde 10 mpaka taa imete haraka. AirPods zenye kitufe nyuma ya kikasha huchukua kama sekunde 15, mpaka taa imete rangi ya kaharabu kisha nyeupe. Vingine havina kitufe, na hufutwa kwa kugusa pande zake kwa muda. Karatasi ndogo iliyokuja ndani ya boksi ndiyo inayosema namna ya vyako, kwa hiyo usiitupe.

Nne, tukaunganisha upya kama siku ya kwanza. Vikaungana, lakini sauti ikatoka sikio la kulia tu.

Hapa wengi hukata tamaa, na sababu ilikuwa ndogo sana. Visikizi hivi viwili navyo vina mapatano kati yao, na katika aina nyingi kimoja ndicho kinachoongoza mazungumzo na simu. Kikifutwa kimoja na mwenzake akaachwa, havitambuani. Wakati mwingine simu huonyesha majina mawili badala ya moja. Nikatazama ndani ya kikasha: kisikizi cha kushoto hakikuwa kinawasha taa ya chaji. Vile vidoti vya shaba chini yake vilikuwa vimefunikwa na nta ya sikio iliyokauka. Kwa kuwa umeme haukupita, kisikizi hicho hakikujua kwamba kimerudi kikashani, na amri ya kufuta haikukifikia. Nikakisugua taratibu kwa pamba ya sikio iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti, nikasugua na vipini vilivyomo ndani ya kikasha, nikaacha vikauke. Taa ikawaka. Tukarudia kufuta pande zote na kuunganisha, sauti ikatoka masikio yote mawili.

Kama hata baada ya hayo simu inagoma, Android ina chaguo la Reset Bluetooth & Wi-Fi ndani ya mipangilio. Liache liwe la mwisho, maana litafuta pia nywila zote za Wi-Fi ulizohifadhi.

Kelele za hewani

Likabaki la kukatakata mezani. Bluetooth hutumia mawimbi yaliyo kati ya megahezi 2400 na 2483.5, eneo ambalo dunia nzima imeliacha wazi kwa vifaa vidogo vya nyumbani. Humo humo hupita Wi-Fi ya zamani, na jiko la maikrowevu nalo huvujisha kidogo. Ili kuishi kwenye msongamano huo, Bluetooth ya muziki imegawa eneo lake katika njia 79 na huruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde. Tangu toleo la mwaka 2003, inaweza pia kutambua njia zilizojaa na kuzikwepa, kama dereva anayeifahamu mitaa ya kukimbia foleni.

Kwa hiyo Wi-Fi ya jirani peke yake mara nyingi haitoshi kuvishinda visikizi, kwa sababu inakalia sehemu tu ya eneo hilo na njia nyingine zinabaki. Kilicho kibaya zaidi ni kelele inayotapakaa eneo lote. Nikamuuliza mpwa wangu mezani pake kuna nini. Akataja kompyuta ambayo ndiyo anasikilizia masomo, na diski ya nje anayohifadhia video. "Sauti hukatika muda wote?" Akafikiri, akasema hukatika hasa anapohamisha mafaili.

Hapo nilijua. Waya na matundu ya USB 3, ambayo mengi yana plastiki ya buluu ndani, yanapopitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye eneo lile lile la Bluetooth. Kampuni ya Intel ililieleza jambo hili kwa kina kwenye waraka wake wa mwaka 2012. Antena ya Bluetooth imo ndani ya kompyuta, na diski ilikuwa sentimita chache tu kutoka hapo. Nikampa waya wa kurefusha wenye kinga nzuri, nikamwambia aisogeze diski umbali wa mkono mmoja na atumie tundu la upande mwingine. Hakuna kifaa kilichobadilishwa. Jumapili jioni akanipigia kusema amehamisha mafaili saa nzima na sauti haikukatika hata mara moja.

Kama kifaa chako cha Wi-Fi kina njia ya gigahezi 5, hamishia simu na kompyuta huko, ili uwaachie visikizi nafasi. Na kama simu yako inatumia LDAC, mfumo wa sauti nzito, izime kwa majaribio kwenye alama iliyo kando ya jina la visikizi. Mfumo huo unaweza kufika kilobiti 990 kwa sekunde, wakati SBC ya kawaida huishia karibu 328. Mzigo ukiwa mwepesi, unaopotea njiani hutumwa tena kabla sikio halijagundua.

Mwili wako nao ni ukuta

Kuna jambo moja linalowashangaza watu: visikizi vinatulia chumbani, lakini ukitoka kukimbia uwanjani au ufukweni vinakatika, mahali ambapo hakuna Wi-Fi wala msongamano. Sababu ni mwili. Sehemu kubwa yake ni maji, nayo hunyonya mawimbi ya aina hii. Ukiweka simu mfuko wa nyuma, mawimbi lazima yakuzunguke ili yafike sikioni. Chumbani kuta huyadunda yakafika kwa njia nyingine. Uwanjani hakuna cha kuyarudisha. Hamishia simu mfuko wa mbele au ifunge mkononi, ujaribu upande wa kulia kisha wa kushoto. Utakaotulia zaidi ndio wenye kisikizi kinachoongoza.

Vipo vile ambavyo kweli vimekufa, na kipimo chake ni hiki. Vichaji mpaka vijae, futa kumbukumbu pande zote, viunganishe na simu ya mtu mwingine, ushike simu hiyo mkononi mbele ya kifua. Vikikatika hata hapo, kasoro imo ndani yake: betri iliyochoka, antena dhaifu au maji yaliyoingia. Usitoe hela ya vingine kabla hujafanya kipimo hicho. Na ukiazima vya mwenzako, siku ya kuvirudisha futa jina lake kwenye simu yako, kisha mwambie mwenyewe kama ulivibonyeza mpaka vikasahau simu yake.