Kiima, njeo, kiwakilishi na kishazi: vyote vimo katika "niliyempeleka"

Masika yanapoanza na wageni wakapungua mlimani, wapagazi kadhaa hushuka Moshi mjini kujiandikisha kozi ya Kiingereza, maana bila lugha hiyo ni vigumu kupanda cheo na kuwa kiongozi wa msafara. Wiki ya kwanza tu wanasikia sabjekti, tensi, pronauni na klozi. Wanaandika daftarini, wanaitikia kwa kichwa, basi. Mwalimu mwenye huruma atawaambia kwamba kwa Kiswahili hayo ni kiima, njeo, kiwakilishi na kishazi, lakini mtu aliyeacha shule zamani hapati nafuu yoyote hapo. Fasili za vitabuni mimi huziweka pembeni kwanza. Nachukua sentensi ambayo mtu wa Marangu angeitamka bila hata kufikiri:

Mgeni niliyempeleka Horombo amerudi.

Tulifungue hilo neno la pili. "Ni" ni mimi, mwenye kupeleka. "Li" inasema jambo limekwisha kupita. "Ye" inamrudisha msikilizaji kwa mgeni, na "m" ni huyo huyo mgeni, safari hii kama mwenye kupelekwa. Mwishoni kuna kitenzi chenyewe, "peleka". Vitu vitano vimefungwa pamoja kama mzigo mmoja wa kichwani. Kiingereza hakifungi namna hiyo. Vipande vingi vinasimama peke yake, kila kimoja mahali pake maalumu: "The guest whom I took to Horombo has come back." Makosa mengi ya wanaoanza hutokea pale wanapoufungua mzigo, kipande kimoja kikasahauliwa au kikatolewa mara mbili.

Kiima ni yule au kile ambacho kitenzi kinakisemea. Amerudi nani? Mgeni niliyempeleka Horombo. Maneno yote matatu ndiyo kiima, si "mgeni" pekee. Kwa Kiswahili unaweza kumwacha mgeni kabisa ukasema "Amerudi", na ile "a" ikatosha. Kiingereza hakiruhusu. Lazima useme "He has come back", au "She has come back" akiwa mwanamke, na hapo ndipo mtu mzima anapokwama, kwa kuwa "a" yetu haijawahi kumuuliza mtu jinsia yake. Ndiyo maana mgeni wa kike anaitwa "he" kuanzia lango la Marangu hadi kileleni bila aliyemwita hivyo kujua.

Mvua ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mtu anatazama mawingu juu ya Mawenzi anasema "Is raining", kwa sababu kichwani ana "Inanyesha". Ile "i" ya mwanzo, inayowakilisha mvua, ameiacha njiani. Kiingereza kinadai kiima hata pale ambapo hakuna mtendaji wa kumtaja, basi kinaweka "it", kijineno ambacho hapo hakimaanishi kitu chochote: "It is raining." Mwingine anakosea kwa upande wa pili. Anasema "The guest he has come back", kwa sababu amezoea "mgeni a-merudi", akaigeuza ile "a" kuwa "he". Kiima kimetajwa mara mbili. Kiingereza cha darasani kinataka mara moja, si pungufu wala zaidi.

Hiyo "he" ndiyo kiwakilishi: neno linalosimama badala ya jina. Katika sentensi yetu mgeni amewakilishwa mara mbili ndani ya kitenzi kimoja, kwa "ye" na kwa "m". Kiswahili kinakubali. Kiingereza kikishasema "whom", nafasi ya "him" imekwisha kujazwa. Kwa hiyo "the guest whom I took him to Horombo" ni kosa, na anayelitamka ni mtu anayejua Kiswahili sawasawa. Wazee wa Vunjo wanaweza kucheka hapa, kwani Kivunjo kinazidi: kitenzi chake kimoja kinaweza kubeba zaidi ya mtendwa mmoja kwa pamoja, jambo ambalo Kiswahili hakiwezi. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha utafiti kuhusu tabia hiyo, na tangu hapo wanaisimu wa mbali wanaitaja lugha ya miteremko hii katika mijadala yao.

Njeo ni wakati uliowekwa ndani ya kitenzi: "li" kwa uliopita, "na" kwa uliopo, "ta" kwa ujao. Kitu cha kushika ni kwamba Kiingereza huonyesha njeo mara moja tu katika kundi la vitenzi. "Nilimpeleka" ni "I took him". Ukikanusha, "sikumpeleka", linaingia neno saidizi "did", nalo ndilo linalochukua wakati uliopita. Kitenzi kikuu kinarudi katika umbo lake la kawaida: "I did not take him." Anayesema "I did not took" ameweka wakati uliopita mara mbili.

Kishazi ndicho kinachoogopwa kuliko vyote, na sioni sababu. Ni fungu la maneno lenye kitenzi kilichokamilika, pamoja na kiima chake. Kiseme peke yake halafu unyamaze. Ukisema "Mgeni amerudi", mwenzako ameridhika. Hicho ni kishazi huru. Ukisema "niliyempeleka Horombo", bado anakutazama akisubiri. Hicho ni tegemezi.

Faida yake inaonekana jioni kiongozi anapowaeleza wageni ratiba pale Horombo, mita 3,720, kabla ya kwenda Kibo iliyo mita 4,720. Anafikiri "Tutakapofika Kibo, tutapumzika", anasema "When we will reach Kibo, we will rest." Wageni wanamwelewa, lakini mtahini atamkata alama. Katika kishazi tegemezi cha wakati au cha sharti, Kiingereza hakiweki "will", kinatumia njeo ya sasa na kuuachia ujao kishazi huru: "When we reach Kibo, we will rest." Kiswahili nacho kina njia inayofanana, maana "Tukifika Kibo, tutapumzika" haina "ta" katika kishazi chake cha kwanza. Hivyo, kabla ya kutafsiri, igeuze "tutakapofika" iwe "tukifika", nawe utakosea mara chache. Ila angalia swali. "When will we reach Kibo?" ni sahihi, kwa kuwa hapo kishazi ni huru, hakitegemei kingine.

Unapopewa sentensi ndefu darasani, usianze kwa kutafuta majina ya mambo haya. Pigia mstari vitenzi vyenye viima vyake, na idadi yake ndiyo idadi ya vishazi. Ijaribu hii: "Wageni waliolala Mandara watapanda kesho mvua ikikatika." Vitenzi ni vitatu, "waliolala", "watapanda" na "ikikatika", kwa hiyo vishazi ni vitatu. Kinachosimama peke yake ni kile cha "watapanda". Kwa Kiingereza: "The guests who slept at Mandara will climb tomorrow if the rain stops." "Will" imo mara moja tu, kwenye kishazi huru, na baada ya "guests" hakuna "they".