Damu Isiyokatika: PT na aPTT Husomwa Pamoja

Tuseme mtoto wa kiume ametahiriwa, na hadi siku ya pili kidonda bado kinavuja. Majibu ya maabara yanarudi: PT sekunde 12, aPTT sekunde 82. Katika maabara nyingi PT ya kawaida ni kama sekunde 11 hadi 13, na aPTT 25 hadi 35. Wazazi watashtushwa na hiyo 82, lakini hiyo 12 nayo ina mengi ya kusema.

Damu hugandishwa na protini zilizopewa namba. Ndani ya kichupa cha maabara, kuganda huanza kwa njia mbili. Njia ya nje huamshwa na kitu kitokacho kwenye tishu iliyojeruhiwa, na protini yake ni namba 7. Njia ya ndani hupitia namba 12, 11, 9 na 8. Kisha zote hukutana kwenye njia ya pamoja, yenye namba 10, namba 5, protrombini na fibrinojeni. PT hupima njia ya nje pamoja na hiyo ya pamoja. aPTT hupima ya ndani pamoja na hiyo hiyo ya pamoja.

Kwa hiyo PT ya mtoto huyu imeondoa shaka juu ya namba 7 na njia yote ya pamoja. Zimebaki namba 8, 9, 11 na 12. Upungufu wa namba 12 hurefusha aPTT lakini haumtoi mtu damu, kwa hiyo hauelezi kidonda hiki. Kwa mvulana, anayeshukiwa kwanza ni namba 8, yaani himofilia A, kisha namba 9, himofilia B.

Kabla ya hapo, kichupa chenyewe kikaguliwe. Kile chenye kifuniko cha buluu kina sitreti, sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Kisipojaa, sitreti huzidi na majibu hurefuka bure. Damu ikichukuliwa upya na aPTT ikabaki ndefu, mtaalamu huchanganya plazma ya mtoto na ya mtu mzima wa afya, nusu kwa nusu. Ikishuka hadi 34, kuna protini iliyopungua, na namba 8 na 9 zipimwe. Ikikataa kushuka, kuna kizuizi: dawa ya heparini, au kingamwili. Kingamwili kimoja, kiitwacho kizuizi cha lupasi, huchelewesha damu kwenye kichupa lakini mwilini huigandisha ovyo.

Picha ikigeuka, PT ikarefuka peke yake, tazama namba 7. Hudumu saa chache tu, ndiyo maana warfarini, upungufu wa vitamini K na ugonjwa wa ini huonekana kwanza hapo. Vikirefuka vyote viwili, hali hizo huenda zimekolea, au njia ya pamoja imeguswa.

Na vyote vikiwa sawa huku mtu akiendelea kutoka damu, chembe sahani zichunguzwe, kwa kuwa vipimo hivi haviziangalii kabisa.