Kigawe Kiasi Kwanza

Mpe mwanafunzi wa kidato cha sita integrali ya x²/(1 + x²), kisha utazame mkono wake. Mara nyingi kalamu itakuwa imeshaandika x = tan θ kabla macho hayajamaliza kuisoma sehemu yenyewe, kwa kuwa amezoeshwa kwamba akiona 1 + x² chini, basi trigonometria haiko mbali. Atafika, ila atakuwa amezunguka. Angetulia kidogo angegundua kwamba kiasi, ile namba ya juu, kimepungukiwa na moja tu ili kilingane na asili, ile namba ya chini. Basi aiongeze hiyo moja na kuitoa papo hapo, ili thamani ibaki ileile:

x² = (1 + x²) − 1

Kisha kila kipande kigawanywe kwa 1 + x². Kipande cha kwanza kinakuwa 1, na cha pili kinakuwa −1/(1 + x²). Integrali ya 1 ni x. Integrali ya 1/(1 + x²) ni arctan x, na hiyo imo katika kila jedwali la fomula. Jibu ni x − arctan x + C, na kazi imekwisha.

Kwa msomaji aliyeachana na hesabu hizi siku nyingi, kuintegreti ni kutafuta eneo lililo chini ya mstari wa grafu. Jambo hilohilo likitazamwa kwa upande wa pili, ni kutafuta fomula ambayo mwendo wake wa kubadilika, yaani derivativi yake, ni ile uliyopewa. Ugumu wa sehemu unatokana na hili: integrali ya jumla ni jumla ya integrali, lakini hakuna kanuni rahisi ya namna hiyo kwa kuzidisha wala kwa kugawanya. Ukiwa na vitu viwili vilivyojumlishwa unaweza kushughulika na kimoja kimoja. Ukiwa na kimoja kilichogawanywa kwa kingine, umekwama, isipokuwa uupate mlango wa kuigeuza ile sehemu kuwa jumla. Mlango huo tuliupata shule ya msingi, siku tulipoambiwa kwamba sehemu zenye asili moja hujumlishwa kwa kujumlisha viasi vyake. Hapa tunaipita njia hiyohiyo kinyumenyume: (a + b)/c ni a/c + b/c.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kinachohitaji jicho ni kujua pa kukata. Katika mfano wetu kiasi kilikuwa x² peke yake, hakikuwa na alama ya kujumlisha wala ya kutoa, na bado tulikigawa. Swali linalosaidia ni hili: asili hii ingependa kuona nini juu yake? Ingependa kujiona yenyewe, maana hapo vinafutana na kubaki namba tupu. La sivyo, ingependa kuiona derivativi yake, kwa sababu derivativi ya kitu ikigawanywa kwa kitu hichohicho, integrali yake ni logi asilia ya kitu hicho. Tazama (6x + 5)/(x² + 4). Derivativi ya x² + 4 ni 2x, na 6x ni 2x mara tatu, kwa hiyo kipande cha 6x kinatoa 3 ln(x² + 4). Ile 5 iliyobaki haina x ndani yake, nayo inakwenda kwa arctan: (5/2) arctan(x/2). Ukijaribu kuimeza sehemu yote kwa mkupuo mmoja kwa kuweka u = x² + 4, hiyo 5 itakukwama kooni, kwa sababu haina 2x ya kuisindikiza. Vipande viwili vya kiasi kimoja vilikuwa vinadai njia mbili tofauti, na kuvitenganisha ndiko kulikoruhusu kila kimoja kushika njia yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unahusu namba ambayo kila aliyesoma shule zetu ameitumia: 22/7. Tuliambiwa tuiweke mahali pa π tunapotafuta mzingo wa duara au ujazo wa pipa, na wengi tukatoka shule tukiamini kwamba ndiyo π yenyewe. Archimedes wa Sirakusa alionyesha zamani, kwa kutumia poligoni zenye pande 96, kwamba 22/7 inaizidi π kidogo. Mwaka 1944 mwanahisabati D. P. Dalzell alichapisha njia nyingine ya kuonyesha jambo hilohilo, na silaha yake ilikuwa sehemu moja tu:

x⁴(1 − x)⁴ / (1 + x²), kuanzia x = 0 hadi x = 1

Mwaka 1968 sehemu hiyo iliwekwa kuwa swali katika mashindano ya Putnam, ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na Kanada. Ukiitazama inatisha. Mwenye haraka atafungua mabano yote na kuanza kugawanya polinomia kwa mkono, na njia hiyo ni halali. Sisi tuikate kwa lile swali letu: asili ni 1 + x², basi tuisake ndani ya kiasi.

Anza na (1 − x)². Ukifungua mabano unapata 1 − 2x + x², na humo 1 + x² iko wazi kabisa: ni (1 + x²) − 2x. Sasa tunataka (1 − x)⁴, kwa hiyo tunakizidisha kitu hicho chenyewe kwa chenyewe:

(1 − x)⁴ = (1 + x²)² − 4x(1 + x²) + 4x²

Gawa kila kipande kwa 1 + x². Cha kwanza kinabaki 1 + x², na cha pili −4x. Cha tatu, 4x²/(1 + x²), tumeshakikata pale mwanzo: ni 4 − 4/(1 + x²). Vikikusanywa vyote vinakuwa 5 − 4x + x² − 4/(1 + x²). Bado tunadaiwa ile x⁴ ya mbele. Tukiizidisha inatoa 5x⁴ − 4x⁵ + x⁶, na kipande kimoja kikaidi, −4x⁴/(1 + x²). Hiki nacho kinakatika kwa hila ileile ya kuongeza na kutoa moja: x⁴ ni (x⁴ − 1) + 1, na x⁴ − 1 ni (x² − 1)(x² + 1). Asili inafutana, tunabaki na x² − 1 + 1/(1 + x²), yote mara −4.

Kwa hiyo ile sehemu ya kutisha ilikuwa hii tu:

x⁶ − 4x⁵ + 5x⁴ − 4x² + 4 − 4/(1 + x²)

Hapa hakuna kipande kinachomshinda mwanafunzi. Integrali zake kati ya 0 na 1, kwa mpangilio huohuo, ni 1/7, −2/3, 1, −4/3, 4, na mwisho −4 mara arctan 1, ambayo ni −π. Zile theluthi zinaungana kuwa −2, kisha 1 na 4 zinaipandisha jumla hadi 3. Pamoja na 1/7 tunapata 22/7. Eneo lote ni 22/7 − π.

Sasa rudi uitazame sehemu ya awali kabla haijakatwa. Kati ya 0 na 1, kila kilichomo ni chanya, kwa hiyo eneo lake ni chanya, na 22/7 lazima iwe kubwa kuliko π. Tena x(1 − x) haivuki 1/4 kamwe, kwa hiyo x⁴(1 − x)⁴ haivuki 1/256, na kuigawanya kwa 1 + x² kunaipunguza zaidi. Eneo hilo basi ni dogo kuliko 1/256. Kwa hesabu ya desimali tofauti yenyewe ni kama 0.00126. Fundi wa pipa haoni hasara yoyote, na mwanafunzi ameona kwa macho yake ni kwa nini namba aliyopewa utotoni ni ya kukadiria.

Njia hii ina mipaka yake, na wa kwanza ndio unaowaangusha wengi. Kinachogawanyika ni kiasi. Asili haiguswi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika kwamba 1/(x + 1) ni 1/x + 1/1. Weka x = 1 uone: upande wa kushoto ni nusu, wa kulia ni 2. Kuweka namba moja namna hiyo kunachukua muda mfupi sana, na kunafaa kufanywa kila baada ya kukata.

Mpaka wa pili unajitokeza pale eneo linapoenda hadi ukomo usiokuwepo. Chukua 1/(x(x + 1)) kuanzia x = 1 bila mwisho. Kiasi 1 ni sawa na (x + 1) − x, na kukata kunatoa 1/x − 1/(x + 1). Lakini eneo la kila kipande peke yake halina mwisho, na infiniti kutoa infiniti hakuna maana yoyote. Dawa yake ni kutovitenga vipande hadi mwisho. Ziunganishe logi zake kwanza ziwe ln(x/(x + 1)), ndipo uweke mipaka. Utapata ln 2, takriban 0.693.

Mpaka wa tatu ni mzito zaidi. Katika xeˣ/(x + 1)², andika x kuwa (x + 1) − 1, na sehemu inakuwa eˣ/(x + 1) − eˣ/(x + 1)². Hapa hakuna kipande hata kimoja ambacho integrali yake inaandikika kwa fomula za kawaida. Mtu aliyekariri kwamba akishakata aintegreti kila kipande kivyake atakaa hapo hadi kengele ilie. Kumbe vipande hivyo viwili, vikisomwa pamoja, ni derivativi ya eˣ/(x + 1), na hilo ndilo jibu. Kukata kumefanya kazi yake kwa kuionyesha sura iliyofichika, bila kuigawa kazi. Ndiyo maana baada ya kukata inafaa kuutazama mstari mzima tena kabla ya kushuka kwenye kipande cha kwanza.

Msomaji mwenye kalamu karibu aichukue x³/(1 + x²) kati ya 0 na 1. Asili itataka kujiona yenyewe upande wa juu, na kitakachobaki kitakuwa na uhusiano na derivativi yake. Ukimaliza, tafuta derivativi ya jibu lako uone kama inairudisha sehemu uliyoanza nayo, kisha uweke mipaka. Eneo ni nusu ya (1 − ln 2), takriban 0.153.