Zamu Zinazofuata Saa ya Mwili

Katika kiwanda kimoja cha chuma nchini Ujerumani, kazi haisimami. Zamu ya kwanza huanza saa kumi na mbili asubuhi, ya pili saa nane mchana, ya tatu saa nne usiku. Watafiti wa Munich, akiwemo Till Roenneberg, waliijaribu ratiba nyingine kiwandani humo: wanaoamka mapema kwa asili waliondolewa zamu ya usiku, na wanaochelewa kulala wakaondolewa ile ya alfajiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Siku za kazi wafanyakazi walilala zaidi ya awali, na usingizi wao ulikuwa bora.

Mtu hujijuaje yuko kundi gani? Roenneberg hutazama katikati ya usingizi wa siku ya mapumziko, bila kengele ya kuamsha. Anayelala saa saba usiku na kuamka saa tatu asubuhi, katikati yake ni saa kumi na moja alfajiri. Huyo ni mtu wa jioni. Siku za kazi akilala saa sita usiku na kuamshwa saa kumi na moja, katikati ni saa nane na nusu. Mwili wake unavutwa saa mbili na nusu kila wiki, mfano wa msafiri anayevuka nchi bila kupanda ndege. Kipimo hiki kina mtego: aliyechoka hulala kupita kiasi siku ya mapumziko ili kulipa deni la usingizi. Siku za mwisho za likizo ndefu hutoa jibu la kuaminika zaidi.

Akishakuwa na kumbukumbu ya wiki mbili, mtu huyo ana hoja ya kumpelekea msimamizi. Lakini njia nyepesi ni kumtafuta kwanza mwenzake wa asubuhi mwenye kazi na ujuzi uleule, wabadilishane: huyo wa asubuhi achukue alfajiri za mwenzake, na amwachie baadhi ya usiku.

Hapo ndipo pesa huingia. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Anayeachia usiku anapoteza nyongeza hiyo, kwa hiyo wawili hao waihesabu kabla ya kukubaliana. Zamu ya mchana inayoishia saa nne usiku humrudishia saa mbili.

Wala mtu wa jioni asibebeshwe usiku wote. Mwanga wa mchana huuvuruga usingizi wake pia, na kuchelewa kulala si kuwa popo. Ni busara aombe zamu nyingi za mchana, usiku uwe na kikomo kilichoandikwa, na makubaliano yapitiwe upya baada ya miezi michache. Umri nao huibadili saa ya mwili: vijana wa karibu miaka 20 ndio huchelewa kuliko wote, kisha taratibu hurudi nyuma kuelekea asubuhi.