Mama Mtoto Anapiga, Subiri Kidogo

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 32 mwenye duka la vipodozi Kinondoni. Amekutana kwenye Tinder na fundi umeme wa Morogoro, na siku ya tatu wakahamia WhatsApp. Siku ya tisa, saa tano usiku, maongezi yamekolea, mara mwanamume anaandika: "Subiri kidogo, mama mtoto anapiga." Anarudi baada ya dakika arobaini. "Pole. Alikuwa analia."

Mwanamke hakulala mapema usiku ule. Alipandisha mazungumzo mpaka juu kabisa, akaanza kuhesabu ni mara ngapi huyo mama mtoto ametajwa. Zilikuwa mara kumi na moja.

Wengi huishia hapo. Kumi na moja ni nyingi, basi wanafuta namba au wananuna. Lakini hesabu peke yake haisemi kitu mpaka mtu aangalie kila mara moja ilikuja kwa sababu gani. Mwenye duka alipozisoma upya, aliona kwamba tano kati ya hizo zilikuwa majibu ya maswali yake mwenyewe. Alikuwa ameuliza waliachana lini, nani alimwacha mwenzake, yule dada anafanya kazi gani, kama ameshaolewa, na kama walikuwa wakiishi pamoja. Hili hutokea sana katika siku za mwanzo. Watu wawili hawajuani, hawana kumbukumbu za pamoja, na yaliyopita ndiyo habari iliyo karibu. Anayefungua bomba kwa swali la "mliachana kwa nini?" hana haki ya kushangaa maji yakitoka.

Mara tatu nyingine zilihusu mtoto: homa, ada ya muhula, na nani atampeleka kliniki. Hizo pia aliziweka pembeni, na alifanya vyema. Watu wanaolea mtoto mmoja hawawezi kukatiana mawasiliano, na hawatakiwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Tanzania nayo ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtaka mzazi amtunze mwanawe hata kama wazazi hawaishi pamoja. Mwanamume anayejibu haraka ujumbe wa homa ya mtoto anatimiza wajibu wake. Asiyeujibu ndiye wa kutiliwa shaka.

Zikabaki tatu. Ya kwanza: "Huo wimbo yeye alikuwa anaupenda sana, kila nikiusikia namkumbuka." Ya pili: "Wewe ni tofauti, yeye asingekubali nichelewe kujibu." Ya tatu ni ile simu ya saa tano usiku. Hakuna aliyeziuliza, na hakuna mtoto ndani yake. Hizo tatu ndizo zilizostahili kushughulikiwa.

Kuna utafiti unaosaidia kuzielewa. Mwaka 2017 Rebecca Griffith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walichapisha kazi iliyochunguza kwa nini watu hubaki marafiki baada ya mapenzi kwisha. Walipata makundi manne ya sababu. Wapo wanaobaki karibu kwa sababu ya usalama wa moyo: huyu mtu ananijua, ananishauri, namwamini. Wapo wenye sababu za maisha, kama mtoto, pesa au kazi ya pamoja. Wapo wanaofanya hivyo kwa ustaarabu tu, kwa kuwa hawataki kuumizana au kugawa marafiki. Na wapo ambao mapenzi bado hayajawatoka. Katika utafiti huo, urafiki uliojengwa juu ya sababu za maisha au usalama ulihusishwa na matokeo mazuri zaidi, na ule uliosimama juu ya mapenzi ambayo hayajaisha ukahusishwa na matokeo mabaya.

Tatizo ni kwamba kwa mtu wa nje, sababu zote nne zinafanana. Zote zinaonekana kama simu inayolia. Mwenye duka hawezi kujua kutoka Kinondoni kama machozi ya saa tano usiku ni ya mama aliyeelemewa na mtoto mgonjwa au ni ya mpenzi anayeomba kurudiwa. Huenda hata fundi mwenyewe hajajiuliza. Ndiyo maana kukisia hakumsaidii. Inabidi kuuliza, na kuuliza kwa namna inayomruhusu mtu kusema kweli.

Kuna njia mbili ambazo wengi hukimbilia kabla ya kuuliza, na zote mbili huharibu. Moja ni kwenda Instagram au Facebook kumtafuta huyo wa zamani. Jessica Frampton na Jesse Fox wa Chuo Kikuu cha Ohio State walieleza mwaka 2018 jinsi mitandao ya kijamii inavyochochea wivu juu ya mahusiano ambayo mwenza alishayamaliza. Picha za zamani ziko palepale, na anayezitazama huanza kujilinganisha. Mtu anaweza kukaa saa nzima akichambua picha ya harusi ya binamu ya miaka minne iliyopita, aondoke na donge rohoni, wala asijue chochote kuhusu simu ya jana. Njia ya pili ni kutoa amri: "Mfute, au mimi na wewe basi." Baada ya siku tisa hakuna uhusiano wa kutosha kubeba amri hiyo. Anayeitii huenda akaendelea kwa siri, na anayeikataa hajathibitisha kwamba bado anapenda kule.

Mwenye duka alisubiri hadi siku ya pili jioni, akapiga simu badala ya kuandika. Uamuzi huo ulikuwa na maana. Kwenye maandishi, swali la namna hii husomeka kama shtaka, na anayejibu hupata muda wa kulipamba jibu lake. Kwenye simu husikika kusita, husikika kucheka, na husikika pia pumzi ya mtu anayefikiri kwa kweli. Alisema hivi: "Jana uliniambia mama mtoto alikuwa analia. Mambo ya mtoto sina neno nayo kabisa. Nataka kuelewa tu, ukitoa mtoto, kati yenu kumebaki nini?"

Swali hilo lina mambo mawili ya kuigwa. Limetaja tukio moja la jana badala ya kusema "kila siku unamtaja", maneno ambayo yangezua ubishi wa mara ngapi. Na limemtoa mtoto kwenye mjadala tangu mwanzo, hivyo fundi hawezi kujificha nyuma yake wala kudhani anaombwa amtelekeze.

Jibu lilichukua muda. Waliachana mwezi wa kwanza. Wana mkopo wa kikoba walioudhamini pamoja, imebaki miezi mitano. Na ndiyo, humpigia usiku akizidiwa na mawazo, kwa kuwa alizoea hivyo tangu wakiwa pamoja. "Siwezi kumkatia simu mtu analia," alisema. "Ila sirudi. Hilo nilishamwambia."

Hilo ni jibu la kuanzia, maana lina vitu vinavyoweza kuonekana: mwezi wa kuachana, miezi ya deni, na kauli ambayo yule wa zamani ameshaisikia. Jibu la kutia wasiwasi hukosa vitu hivyo. Husema "mambo ni magumu kueleza," au "tuko kama ndugu tu," na likidadisiwa kidogo hugeuka hasira. Hasira juu ya wa zamani nayo isichukuliwe kama uhakika kwamba mapenzi yamekwisha. Mtu anayemtukana mtalaka wake kila jioni bado anatumia jioni zake naye. Aliyetulia humtaja kama anavyotaja mtaa aliowahi kuishi.

Kwa wenza waliofunga ndoa, swali moja zaidi ni la lazima: ndoa imekwisha kweli au wametengana tu? Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kuishi mbalimbali hakuvunji ndoa. Kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo itoe amri ya talaka. Kwa Waislamu kuna jambo la eda. Mwanamke aliyepewa talaka rejea hukaa eda, na mpaka eda iishe mume ana haki ya kumrejea bila ndoa mpya, wala haifai mwanamume mwingine kumposa. Kwa hiyo dada wa Tanga anayesema "nimeachwa mwezi uliopita" na bado anaongea na mumewe kila siku huenda hana siri yoyote. Mlango wake haujafungwa bado, na wote wawili wanalijua hilo. Anayemtaka kwa nia njema asubiri.

Fundi wa Morogoro na mama mtoto hawakuwa wamefunga ndoa, kwa hiyo kwao ilibaki habari ya simu. Mwenye duka hakumwambia azizime. Alisema anachotaka yeye: "Natafuta mtu wa kuanza naye. Kama usiku wako bado ni wa mtu mwingine, niambie nijue, sitakuchukia. Kama sivyo, natamani kuona tofauti." Kisha akaacha. Hakuuliza tena kesho yake wala keshokutwa, na hapo ndipo penye ugumu, maana anayeuliza kila siku humfundisha mwenzake kuficha.

Alijiwekea wiki tatu. Jambo alilokuwa analitazama lilikuwa dogo: je, yale yasiyoulizwa na yasiyo ya mtoto yatapungua yenyewe? Kama yangebaki vilevile, angeondoka, hata kama fundi hasemi uongo, kwa sababu mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asiwe tayari. Na ni haki yake kuondoka bila kuwa na kosa la kumtwisha mtu.

Wiki ya pili fundi alimwambia mwenyewe kwamba amekubaliana na mama mtoto wapigiane kabla ya saa mbili usiku, isipokuwa mtoto akiugua, na kwamba dada yake mama mtoto amehamia kwake kumsaidia. Mwisho wa wiki ya tatu walikutana Morogoro, wakala wali na samaki karibu na stendi ya Msamvu. Simu yake iliwaka mezani, jina likionekana. Aliitazama, akacheka kidogo, akamgeuzia mwenzake aone. Mama mtoto alikuwa ameandika namba ya viatu vya shule. Ishirini na nane, vyeusi, vya kufunga kamba.